Jibu STOP

Katika miaka ya themanini na tisini nilikaa kwenye kaunta ya posta mjini Kisumu nikipokea telegramu. Desemba ulikuwa mwezi wa foleni. Watu walileta salamu ndefu za Krismasi, nami nikizipitia kwa ncha ya kalamu, nikitoa neno hapa na neno pale mpaka zikaenea kwenye fomu. Telegramu zilipokufa nilihamishiwa idara nyingine, kisha nikastaafu mapema, nikakaa nyumbani nikipalilia sukuma wiki na kugombana na majirani kwa sababu ya kuku wao. Miaka mingi baadaye binamu yangu aliniambia kuna ofisi mjini inatafuta mtu anayejua kufupisha maneno. Nikaenda.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la nyavu za uvuvi. Tulikuwa watatu. Mkurugenzi, mwanamume mnene mwenye haraka, ndiye aliyewatafuta wateja. Fundi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyesema maneno machache sana, ndiye aliyekaa na kompyuta. Mimi niliandika meseji na kupokea simu za watu wenye hasira. Biashara yetu ilikuwa meseji za mkupuo: shule, chama cha akiba au duka linatuletea namba za watu wake, sisi tunabonyeza mara moja, na ujumbe mmoja unaingia kwenye simu maelfu kwa dakika chache.

Sheria ilikuwa wazi, na mimi niliibandika ukutani mbele ya macho ya mkurugenzi. Usimtumie mtu matangazo kama hakukubali. Na hata aliyekubali, mpe njia rahisi ya kujitoa, bila kumtoza. Ndiyo hayo tu. Kila Desemba hayo tu yalitushinda.

Mwaka ninaoukumbuka kwa uchungu, mteja wetu wa mwisho kabla ya Krismasi alikuwa mwenye nyumba ya mazishi upande wa Mamboleo. Alikuwa mzee nadhifu, suti nyeusi hata wakati wa joto, na sauti ya taratibu ya mtu aliyezoea kuzungumza na wafiwa. Tulikuwa tukimfanyia kazi ndogo ndogo mwaka mzima: kumjulisha mtu kwamba mwili uko tayari kuchukuliwa, kwamba gari la maiti litaondoka saa fulani. Hizo zilikuwa meseji nzuri. Hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Sasa aliweka daftari kubwa mezani na kusema, "Madam, nataka nitumie familia zote hapa salamu ya Krismasi."

Nililifungua. Lilikuwa daftari la kuchukulia miili. Jina la marehemu, jina la aliyekuja, sahihi, namba ya simu.

"Mzee," nikamwambia, "hawa watu walikubali kutumiwa salamu?"

"Si walitupea namba wenyewe? Hakuna mtu tulimnyang'anya."

"Waliwapa namba muwaite mwili ukiwa tayari."

"Na Krismasi nayo ni ubaya gani? Ni jina la Yesu."

Mkurugenzi alikohoa. Kikohozi chake nilikijua, kilimaanisha ninyamaze. Akasema, "Mama, salamu si tangazo. Salamu ni salamu."

"Kama mwishoni inasema njoo tukuhudumie, ni tangazo."

Walinitazama wote wawili kama mtu aliyeleta matanga harusini. Fundi aliendelea kubonyeza vitufe vyake.

Mzee alitoa karatasi aliyokuwa ameiandika mwenyewe kwa mkono mzuri. *Familia yetu inakutakia wewe na jamaa zako Krismasi njema na baraka tele za Mwenyezi Mungu. Asante kwa kutuamini. Tuko tayari kukuhudumia tena mwaka ujao.* Alitaka pia katuni ya mti wa Krismasi mwishoni. Nilimweleza kwamba meseji moja inachukua herufi mia moja na sitini, nafasi na nukta zikiwemo, na kwamba akiweka hako kamti mtambo utabadilisha mtindo wa kuandika na nafasi zitabaki sabini tu. Aliuacha mti kwa shida, kama tunamkata mkono.

Nilihesabu. Mia moja hamsini na nne. Zilibaki nafasi sita, nami nilihitaji mahali pa kumwambia mtu jinsi ya kujitoa.

"Tupunguze hapa," nikasema. "Tutoe hii 'Asante kwa kutuamini', niweke mstari wa kujitoa."

"Hiyo haitoki."

"Basi ziwe meseji mbili zilizounganishwa."

"Hapana," akasema mkurugenzi, kabla mzee hajajibu.

Tulivutana hivyo mpaka wenye duka la nyavu chini wakafunga kwa chakula cha mchana. Mwishowe mkurugenzi aliamua kwa niaba ya wote: toa neno moja dogo, weka "Jibu STOP", imekwisha.

"Jibu STOP ya nini?" nikauliza. "Mtu atajuaje anasimamisha nini? Halafu atajibu wapi? Meseji inatoka kwa jina, haitoki kwa namba. Jina halijibiwi. Ukituma jibu linarudi."

Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana lilikuwa wazi kama jua. Meseji za mzee zilikuwa zikifika na jina la nyumba yake juu, herufi tu, hakuna namba. Huwezi kujibu jina. Ili mtu ajibu, lazima umpe namba fupi iliyofunguliwa kwa kazi hiyo, na sisi hatukuwa nayo. Mkurugenzi alikuwa akisema tangu Juni kwamba ataiomba.

"Sheria inataka kuwe na maneno ya kujitoa," akasema. "Maneno yapo. Andika."

Niliandika. Mbele yangu kulikuwa na maneno mawili ya herufi nne yaliyoweza kutolewa, *tele* na *tena*. Nilihitaji kutoa moja. Nilikuwa nimejaa hasira ya ile STOP isiyo na mlango, nikatoa *tele*, nikaongeza *Jibu STOP*, nikahesabu mia moja hamsini na tisa, nikampa fundi. Hasira haikuniacha nisome nilichokiacha.

Zilitoka siku tatu kabla ya Krismasi, saa nne asubuhi. Saa nne na robo simu ya mezani ililia. Watu walikuwa wameipiga namba ya nyumba ya mazishi, na mzee, kwa sauti yake ya taratibu, alikuwa akiwapa namba yetu.

"Ni nyinyi mnataka kunihudumia tena?" mwanamume aliniuliza.

"Samahani, bwana?"

"Niko Kombewa hospitali. Mama yangu yuko hapa kitandani, amewekewa maji. Nimeona meseji, 'tuko tayari kukuhudumia tena mwaka ujao.' Tena! Nani amewaambia mama yangu anakufa?"

Nilishika kichwa. *Tena*. Nilikuwa nimepigania mlango wa kutokea mpaka nikaacha tusi sebuleni. Nilimwomba msamaha, naye akasema, "Toa namba yangu," akakata bila kunitajia namba yenyewe. Simu yetu ya mezani ilikuwa ya zamani, haikuonyesha aliyepiga.

Walifuata wengine. Mwanamke mmoja alisema alikwisha kufunga matangazo yote kwa kampuni yake ya simu, sasa sisi tulipenyaje? Nilijua tulivyopenya. Mitandao hutenganisha majina ya matangazo na majina ya taarifa. Aliyefunga matangazo hapati ya kwanza, lakini ya pili humfikia, kwa kuwa taarifa ni jambo analolihitaji. Jina la mzee lilisajiliwa kuwa la taarifa, kwa ajili ya miili na magari. Sisi tulipitisha Krismasi mlango huo wa taarifa. Nitamwambiaje hayo mtu kwenye simu? Nikasema, "Ni makosa yetu, mama." Fundi alimtoa.

Kesho yake, kabla ya saa sita, akaingia mwalimu.

Simwiti hivyo kwa heshima tu. Alikuwa mwalimu kweli, amestaafu, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na mkoba wa ngozi uliozeeka vizuri. Alikuwa ametoka Bondo asubuhi hiyo kwa ajili yetu peke yetu. Aliketi bila kukaribishwa, akatoa simu ya kubonyeza na daftari la mazoezi la mistari.

"Nani anaandika meseji hapa?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Mume wangu amezikwa mwezi wa nane. Hii meseji nimeipata mara tatu. Kwa nini tatu?"

Fundi aligeuka kwenye kiti. Alitafuta, akapata: namba ya mwalimu ilikuwa imeandikwa mara moja ikianza na sifuri, mara ya pili na mbili-tano-nne, mara ya tatu na alama ya kujumlisha mbele. Watu watatu wa familia walikuwa wamempa mzee namba yake kwa nyakati tatu. Kompyuta iliona watu watatu.

Mwalimu aliandika jibu hilo kwenye daftari lake. Kisha akasoma yale aliyokuwa ameandika nyumbani. "Nimejibu STOP kwa herufi kubwa. Haikutumwa. Nimejibu stop kwa herufi ndogo. Haikutumwa. Nimejibu 'Acheni'. Haikutumwa. Nimejibu 'Weuru', labda nyinyi ni watu wetu mtasikia Kijaluo. Haikutumwa." Alifunga daftari. "Mmeniambia nijibu. Nimejibu mara nne. Mnanicheka?"

"Hapana, Mwalimu. Hilo jina halijibiwi."

"Ulijua hivyo ukiandika?"

Mkurugenzi alikuwa ametoka, au alikuwa amejifanya ametoka. Ningeweza kumtaja. Nilisema, "Nilijua."

Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuweka alama ya kosa. Kisha akauliza lile la pili. "Na nani aliwaruhusu? Mimi niliweka sahihi kuchukua mume wangu. Nionyeshe mahali niliandika nataka salamu."

Daftari la kuchukulia miili lilikuwa bado kabatini. Nililitoa, tukapata ukurasa. Aliutazama mwandiko wake mwenyewe wa mwezi wa nane, ambao uliteremka chini ya mstari. Nilitamani nisingelitoa.

Nilimshauri alifunge lile jina kwenye simu yake, au amwombe kijana yeyote nyumbani amfungie.

"Siwezi. Nimeagiza msalaba wa kaburi kwa huyo mzee. Ameniambia ukiwa tayari nitapata meseji. Nikifunga jina, msalaba je?" Aliegemea mbele. "Mtu hawezi kuchagua? Nataka ya msalaba. Sitaki ya Krismasi. Ni jambo gumu?"

Halikuwa gumu. Lilikuwa jambo rahisi lililokosa mtu wa kulifanya. Fundi aliziondoa zile namba tatu huku mwalimu akiangalia kwenye kioo cha kompyuta, mstari baada ya mstari. Alishuka ngazi polepole, nami nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikijiona nimefanya kazi.

Mwaka Mpya, saa tatu asubuhi, nikiwa nyumbani nimejifunga leso, simu yangu ililia. Nilikuwa nimempa mwalimu namba yangu mwenyewe, kwa kujiamini.

"Heri ya Mwaka Mpya," akasema. "Si mimi nakutakia. Ni nyumba ya mazishi inanitakia. Mara tatu."

Nilimpigia fundi mara moja. Alikuwa kanisani, akatoka nje kuzungumza. Ilibainika hivi: mzee alikuwa ameagiza salamu mbili, ya Krismasi na ya Mwaka Mpya, na ile ya pili mkurugenzi alikuwa ameiandika na kuipakia mwenyewe bila kutuambia, siku moja na ya kwanza, kila moja na nakala yake ya orodha. Fundi alimtoa mwalimu kwenye orodha ya Krismasi, ambayo ilikuwa imekwisha kutumwa. Ya Mwaka Mpya ilikuwa imelala kwenye foleni yake ikingoja saa tatu, pamoja na namba zote za wale tuliowaomba msamaha. Wote wale. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikacheka kicheko kisicho na furaha, mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza nina nini.

Tulipofungua ofisi nilimwambia mkurugenzi mambo ambayo mtu hamwambii mwajiri wake. Alinisikiliza akipangusa miwani. "Kwani ni watu wangapi wamelalamika?" akauliza. "Wengine hawajasema kitu. Mtu akinyamaza amekubali."

"Watu hawajanyamaza! Tumewapa simu isiyo na sikio!"

Fundi, kwa kukasirishwa na sisi sote, alifanya la kwake. Alichukua namba za kila aliyelalamika, akazipanga kwa mtindo mmoja, zote zikianza na mbili-tano-nne, akaziingiza kwenye orodha ya kuzuiwa kabisa. Chochote kitakachotoka kwetu, kwa jina lolote, hakitawafikia. "Sasa wamekwisha," akasema. Nilimpigia mwalimu na kumhakikishia hatasikia tena kutoka kwetu. Akashukuru.

Na kweli hakusikia. Msalaba ulikamilika katikati ya Januari. Nyumba ya mazishi ilituma taarifa kupitia kwetu, kama kawaida, na mtambo wetu ukaizuia, kama ulivyoagizwa. Msalaba uliegemezwa ukutani Mamboleo, nje, pamoja na vibao na mbao. Mvua ilinyesha wiki mbili, maandishi meupe yakaanza kutoa madoa. Mwalimu alikuwa Bondo akingoja meseji, na kwa adabu yake hakutaka kumsumbua mzee. Mpwa wake ndiye aliyepita pale kwa shughuli zake, akasoma jina la mjomba wake kwenye mbao iliyolowa.

Mara hii hakupiga simu. Alipanda ngazi tena na mkoba wake. Mkurugenzi alikuwepo, hakuwahi kutoroka.

"Niliomba kitu kimoja," mwalimu akasema. "Nilisema salamu hapana, msalaba ndiyo. Kwanza mmenipa vyote. Halafu mmeninyima vyote. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Watoto wa miaka sita wanaelewa ndiyo na hapana."

Fundi alikuwa amefunika uso kwa mikono yake, naye ndiye peke yake katika chumba kile aliyekuwa amejaribu kurekebisha kitu. Mkurugenzi aliinuka, akavuta kiti chake mwenyewe akampa mwalimu, ingawa mwalimu alikuwa na kiti. "Mama," akasema, "tuambie unavyotaka."

Namheshimu kwa swali hilo, kwa vile lilimtoka kwa shida.

Tulikaa mchana kutwa. Fundi alisema kwamba kuwe na orodha mbili za kukataa, moja ya salamu na matangazo, nyingine ya kila kitu, na kila mkupuo upitishwe kwenye orodha hizo dakika ileile unapotoka, siyo siku unapopakiwa. Tena jina la taarifa lisibebe salamu kamwe. Salamu zisajiliwe kwa jina lingine. Mkurugenzi aliandika barua ya kuomba namba fupi ya tarakimu tano, ile ambayo mtu akituma neno salio lake haliguswi. Aliiandika mbele yetu, nami niliipeleka mwenyewe.

Mimi niliandika mstari. Uzoefu wa ofisi ulinipotosha. Niliandika: *Ili kusitisha upokeaji wa jumbe za uhamasishaji, jibu STOP.*

Mwalimu alitoa kalamu nyekundu mkobani, alikuwa bado anatembea nayo, akapitisha mstari juu ya maneno matano. "Nani anasema 'kusitisha upokeaji' sokoni? Nina shangazi yangu, anajua kusoma kidogo. Mwandikie yeye."

Tuliandika tukafuta mpaka ikawa hivi: *Hutaki salamu zetu? Tuma ACHA kwa*, kisha namba, *bure. Taarifa za huduma utaendelea kupata.* Ilikula nafasi nyingi. Salamu ikabaki fupi, na kwa kweli ikawa bora.

Siku iliyofuata tulikwenda naye Mamboleo. Mzee alimpokea kwa aibu kubwa. Alikuwa amekwisha kuagiza msalaba upakwe rangi upya. Nilimwekea mezani fomu mpya. Chini ya sahihi kulikuwa na maswali mawili yaliyotengana. *Tukutumie taarifa za huduma uliyoagiza? Tukutumie salamu na matangazo yetu?* Kila moja lilikuwa na ndiyo na hapana.

Mzee alisoma. "Hii ya pili tuwatilie alama ya ndiyo sisi wenyewe. Mtu akiwa na msiba hana muda ya kusoma karatasi."

"Ndiyo sababu isitiwe," mwalimu akamjibu. "Akiwa na msiba umtilie ndiyo? Iache wazi. Asipojaza ni hapana."

"Na daftari yangu ya zamani? Watu wote hao?"

"Hao hawajaulizwa," nikasema. "Hatuwatumii."

Alinung'unika, akasema tunamuua kibiashara, akasema nyumba nyingine ya mazishi inatuma mpaka picha. Lakini alikuwa amepokea simu zake mwenyewe Krismasi ile, naye si mtu mbaya. Alikubali. Mwalimu alijaza fomu ya kwanza pale pale: ndiyo kwa taarifa, hapana kwa salamu, na hapana ile aliikoleza mara mbili. Wiki hiyo hiyo alipata meseji moja, kwamba msalaba uko tayari. Alinipigia kunisomea, neno kwa neno, kama anayekagua imla.

Namba fupi ilipatikana mwezi wa tatu, baada ya mimi kwenda kuulizia mara sita. Pasaka tulituma salamu ya mzee kwa wale waliotia ndiyo. Walikuwa wachache kiasi kwamba mkurugenzi aliuliza kama kompyuta imeharibika. Mzee aliuliza hivyo hivyo. Nilikaa na fundi kutazama kama kuna atakayejibu, kwa maana aliyekubali Februari anaweza kuchoka Aprili, na hiyo ni haki yake.

Saa ya kwanza walijitoa wanne. Wa kwanza aliandika ACHA, na mtambo ukamjibu wenyewe: *Umeondolewa. Hutapata salamu zetu tena.* Wa pili aliandika "acha" kwa herufi ndogo, mtambo ukakubali. Wa tatu aliandika "Achaa". Mtambo ukakaa kimya, na fundi akatukana kwa sauti ya chini, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. Aliketi akaongeza maneno: acha, achaa, acheni, wacha, stop, toa, weuru. Nilimwambia aongeze pia matusi, kwa uzoefu wangu wa simu, akaongeza mawili.

Wa nne ndiye ninayemkumbuka. Aliandika: "Acha. Lakini mlimvalisha baba vizuri sana. Asante."

Mtambo haukuelewa kwa kuwa kulikuwa na maneno mengi. Fundi alisema ataufundisha usome neno la kwanza tu, kazi ya kesho. Sikutaka mtu huyo angoje kesho. Niliandika namba yake kwa mkono, nikaiingiza mwenyewe kwenye orodha ya kukataa salamu, siyo ile ya kila kitu, nikaikagua mara mbili, nikamwandikia jibu: *Umeondolewa. Pole, na karibu.*

Kisha nikafuta *na karibu*, kabla sijabonyeza.